Kukadiria eneo na kina cha jeraha la moto kwa picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila wiki kati ya zahanati na wodi ya majeraha ya moto. Muuguzi au tabibu ana mgonjwa mbele yake na simu mkononi, na upande wa pili kuna mtu anayeipokea picha na kutakiwa aseme: ni asilimia ngapi ya mwili, limeingia kiasi gani, aletwe au abaki? Majibu yameandikwa kwa ajili ya wote wawili. Hayachukui nafasi ya huduma ya kwanza. Jeraha bichi lipoozwe kwanza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, na hatua hiyo ina faida hata mgonjwa akifika saa tatu baada ya kuungua. Picha hupigwa baadaye.

## Asilimia

Kanuni ya tisa inasemaje?

Mwili wa mtu mzima hugawanywa katika vipande vya asilimia 9 au mara mbili yake. Kichwa pamoja na shingo ni 9. Kila mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, ni 9. Mbele ya kiwiliwili, yaani kifua na tumbo kwa pamoja, ni 18, na nyuma, mgongo na makalio, ni 18. Kila mguu mzima ni 18. Sehemu za siri ni 1, na hapo 100 imetimia.

Wamarekani Pulaski na Tennison ndio walioibuni, na Wallace, daktari wa upasuaji wa Edinburgh, akaieneza mwaka 1951. Uzuri wake ni kwamba hukaa kichwani bila karatasi. Ubaya wake ni kwamba watu huusahau ule upande wa pili: mkono ulioungua mbele tu ni 4.5, si 9, na paja lililoungua mbele tu si mguu mzima. Kosa hili pekee huweza kuongeza mara mbili makadirio ya jeraha la kawaida.

Wekundu nao huhesabiwa?

Hapana. Ngozi iliyoiva tu kama ya mtu aliyepigwa na jua, kavu, isiyo na malengelenge na isiyochubuka, huumia sana lakini haivuji maji ya mwili. Haiingii kwenye asilimia. Hesabu huanzia pale penye lengelenge, penye ngozi iliyovuka, au penye ngozi iliyokufa.

Kwenye picha mpaka huo si rahisi kuuona, hasa saa za mwanzo ambapo wekundu unazunguka jeraha zima. Ukiwa na shaka juu ya kipande, piga picha tena baada ya saa chache. Lengelenge linaweza kujitokeza baadaye, na hapo kipande kile kinaingia kwenye hesabu. (Kwa ngozi nyeusi wekundu wenyewe huenda usionekane kabisa, tazama swali la ngozi nyeusi hapo chini.)

Kiganja kinachotumika kupimia asilimia ni cha nani, na kinaishia wapi?

Ni cha mgonjwa, kamwe si chako. Kiganja chake pamoja na vidole vilivyobanwa huchukuliwa kuwa asilimia 1. Kwa kipimo halisi, kwa mtu mzima ni pungufu kidogo, karibu 0.8, na kiganja bila vidole ni kama 0.5. Ukiweka kiganja chako cha mtu mzima juu ya jeraha la mtoto wa mwaka mmoja na kukiita asilimia 1, utalipunguza jeraha kuliko lilivyo.

Kiganja kinafaa kwa majeraha madogo na yaliyotawanyika, kama ya mafuta ya kukaangia yaliyoruka. Kinafaa pia kinyume chake: mtu akiwa ameungua karibu mwili mzima, pima pale palipobaki pazima kisha utoe kwenye 100. Kwa jeraha la katikati, lililofunika vipande vikubwa, rudi kwenye tisa.

Kwenye picha kuna njia moja inayosaidia sana. Chora mkono wa mgonjwa kwenye karatasi nyeupe, vidole vimebanwa, ukate umbo hilo kwa mkasi, kisha ulishike karibu na jeraha, usawa uleule na ngozi, wakati unapiga. Anayepokea sasa ana asilimia 1 ya mgonjwa yuleyule ndani ya picha, na karatasi nyeupe inamwonyesha pia kama mwanga umeigeuza rangi.

Kwa mtoto nitumie tisa hizohizo?

Usitumie. Kichwa cha mtoto ni kikubwa na miguu yake ni mifupi kwa kulinganisha. Kwa mtoto wa mwaka mmoja, kichwa na shingo ni 18 na kila mguu ni 14. Mikono na kiwiliwili hubaki kama vya mtu mzima. Kwa kila mwaka unaozidi ule wa kwanza, punguza 1 kwenye kichwa na uongeze nusu kwa kila mguu. Akikaribia miaka 10 anakuwa amefikia vipimo vya mtu mzima.

Kama chati ya Lund na Browder ipo ukutani, itumie hiyo kwa watoto wote. Ni ya mwaka 1944, imeugawa mwili vipande vidogo zaidi kwa umri, na kuchorea juu yake kwa kalamu kunakuzuia kukihesabu kipande kimoja mara mbili.

Kwa nini asilimia yangu huwa kubwa kuliko ya hospitali?

Majeraha madogo karibu wote huyakuza, hata wazoefu. Sababu za kawaida ni tatu: wekundu umehesabiwa, upande wa pili wa mkono au mguu umehesabiwa bure, na picha ya karibu imelifanya jeraha lijaze kioo chote cha simu. Hiyo ya tatu ni ya picha tu. Jicho likikosa kuona goti, kitovu au kidevu, halina cha kulinganisha, na doa la asilimia 2 linaonekana kama 6.

Kupunguza pia hutokea, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyemgeuza mgonjwa. Mgongo, makalio, nyuma ya masikio na kwapani ndiko asilimia zinakojificha.

## Kina

Kina kinaonekanaje?

Anza na lengelenge. Likipasuka na chini yake kukawa na unyevu, rangi ya waridi, panapouma hata ukipeperusha upepo, joto limeishia sehemu ya juu ya ngozi ya ndani. Ukibonyeza, panafifia, na ukiachia, rangi inarudi upesi, ndani ya sekunde mbili hivi. Jeraha la namna hii likitunzwa vizuri hupona lenyewe ndani ya wiki mbili, au tatu likichelewa.

Joto likizama zaidi, chini ya lengelenge panakuwa na madoadoa, pengine pekundu iliyokolea kama damu, pengine pamepauka. Unyevu unapungua. Ukibonyeza, rangi inarudi polepole au haisogei kabisa, na mgonjwa anahisi kuguswa kuliko anavyohisi maumivu. Hili huchukua zaidi ya wiki tatu na huacha kovu linalovuta. Mara nyingi linahitaji kupandikizwa ngozi.

Ngozi ikiwa imekufa unene wake wote, hakuna lengelenge la maana. Pakavu, pagumu kama ngozi ya viatu, pengine peupe kama nta, pengine pa kahawia au peusi. Nywele zinang'oka bila kuvutwa kwa nguvu, na pengine unaona vimishipa vilivyoganda vikipita ndani kama nyuzi. Hapaumi. Mgonjwa aliyetulia mno akiwa na jeraha kubwa ni wa kutia wasiwasi zaidi kuliko anayepiga kelele, ingawa kingo za jeraha lake bado zitauma.

Picha moja inatosha kusema kina?

Kwa ncha mbili, mara nyingi ndiyo: la juu kabisa, na lile lililokuwa gumu kama ngozi ya viatu. Kwa katikati, hapana. Hata daktari bingwa akiwa kitandani kwa mgonjwa hukosea sehemu kubwa ya majeraha ya kina cha kati siku ya kwanza, kwa hiyo aliye kwenye simu asijidai.

Tatizo ni kwamba majaribio mawili yanayoamua, kubonyeza na kugusa, hayapigwi picha. Wekundu uliokolea ndio mtego mkubwa. Kwenye picha unaonekana una damu nyingi na uhai, kumbe ni damu iliyotoka kwenye mishipa ikakwama kwenye ngozi, na ukibonyeza haiondoki.

Kwa hiyo tuma video ya sekunde kumi. Vaa glavu, bonyeza kwa kipande cha shashi safi, achia, na acha kamera itulie palepale. Fanya hivyo sehemu mbili au tatu zenye rangi tofauti, na useme kwa sauti mgonjwa anahisi nini. Video hiyo ina thamani kuliko picha ishirini.

Kwa nini kina kinabadilika siku ya tatu?

Kuzunguka sehemu iliyokufa kuna ukanda ambao damu yake inatembea kwa shida. Daktari wa upasuaji Jackson aliueleza mwaka 1953. Mgonjwa akipata maji ya kutosha na jeraha likiwa safi, ukanda huo huweza kupona. Akikaushwa, akipata shinikizo la damu la chini au maambukizi, unakufa, na jeraha la juu linageuka la ndani. Ndiyo maana jibu la siku ya kwanza liandikwe kama makadirio, na picha zirudiwe kati ya saa 48 na 72, pembe ileile, mwanga uleule.

Ngozi nyeusi inasomwaje?

Hili lilistahili kuja mwanzo, maana picha nyingi za vitabuni ni za ngozi nyeupe na maneno "waridi" na "wekundu" yametoka huko.

Rangi yetu nyeusi imo kwenye tabaka la juu. Tabaka hilo likivuka na lengelenge, kinachobaki chini kwa mtu yeyote ni cha waridi au cheupe-waridi. Kwa ngozi nyeusi tofauti hiyo ni kali, na kwenye simu jeraha la juu kabisa linaonekana "jeupe". Wengi huandika hapo kwamba ngozi yote imekufa. Tazama kwanza unyevu: weupe unaong'aa kwa majimaji na unaouma ni jambo tofauti na weupe mkavu wa nta. Kisha tazama video ya kubonyeza.

Kosa la kinyume ni la hatari zaidi. Katika kuungua kwa ndimi za moto, tabaka la juu lililokufa linaweza kubaki limeganda juu ya ngozi iliyokufa chini yake, bado likiwa na rangi yake nyeusi au kahawia. Kwenye picha eneo hilo linafanana na ngozi nzima. Dalili zake ni kukosa mikunjo ya kawaida, kukaza, na kutosogea ukiligusa. Piga picha kwa mwanga wa pembeni, si wa mbele, ili mikunjo ya ngozi nzima ionekane na pale isipokuwepo pajitokeze. Ukipitisha shashi yenye maji kwa upole na tabaka likavuka, umepata jibu.

Wekundu usio na lengelenge, kwa ngozi nyeusi, huonekana kama weusi uliokolea wenye zambarau kidogo, au hauonekani. Linganisha na upande wa pili wa mwili, na uulize joto na maumivu.

## Kupiga picha

Nipige picha ngapi, na vipi?

Safisha kwanza. Masizi, dawa ya meno, unga, yai, asali na ile dawa ya zambarau vyote hubadilisha rangi, na krimu nyeupe ya silva huacha utando wa kijivu unaofanana na ngozi iliyokufa. Ondoa ngozi iliyolegea ya malengelenge yaliyopasuka. Chini ya lengelenge lisilopasuka hakuna anayeweza kusoma kina.

Piga mwili mzima kwa mbele, kisha kwa nyuma, ukiwa umesimama wima juu ya mgonjwa ili kamera isiinamishe vipimo. Baada ya hapo piga kila sehemu iliyoungua ikiwa na kiungo kinachojulikana ndani ya fremu, na mwisho picha za karibu. Mwanga wa dirishani ndio bora. Taa ya njano hugeuza weupe kuwa wa krimu, na flashi ikipiga kwenye unyevu huacha doa jeupe linaloitwa kimakosa ngozi iliyokufa. Tuma kama faili, si kama picha ya kawaida ya WhatsApp, ili isibanwe.

Pamoja na picha andika: umri, uzito, saa aliyoungua (si saa aliyofika), nini kilichomuunguza, alikuwa amevaa nini, na kilichopakwa kabla.

Ruhusa na faragha?

Omba ruhusa ya mgonjwa au mzazi na uiandike kwenye faili. Jina lisiwemo kwenye picha wala kwenye ujumbe wa kundi. Sura ionyeshwe tu ikiwa ndiyo iliyoungua, na picha za sehemu za siri, hasa za mtoto, zitumwe kwa mtu mmoja anayemtibu, kisha zifutwe kwenye simu yako.

## Mfano mzima

Mnaweza kuonyesha hesabu kuanzia picha hadi dripu?

Chukua mtoto wa miaka 2, kilo 12, aliyevuta sufuria ya chai saa 1 asubuhi akiwa amevaa sweta. Amefika zahanati saa 3. Picha ya mbele inaonyesha shavu la kulia, kidevu na shingo vimevuka. Kifua upande wa kulia juu kimevuka. Mkono wa kulia umevuka mbele hadi karibu na kifundo, kiganja ni kizima. Tumbo ni jekundu.

Tabibu ameandika 21: uso 3, mkono 9, nusu nzima ya kulia ya kifua na tumbo 9. Tuhesabu tena. Kwa miaka 2 kichwa na shingo ni 17, mbele yake ni 8.5, na theluthi hivi imeungua: 3. Mbele ya kiwiliwili ni 18. Tumbo jekundu halihesabiwi, na kilichovuka ni pungufu kidogo ya robo: 4. Mkono mzima ni 9, ukitoa kitanga cha mkono, 2.5, inabaki 6.5, na nusu yake ya mbele ni 3.5 kwa kukadiria juu. Jumla 10.5. Kisha inakuja picha ya nyuma: chai iliteremka nyuma ya bega, 1.5. Jumla ni 12.

Mtoto anayezidi 10, na mtu mzima anayezidi 15, huhitaji dripu ya kufidia. Kwa mtoto huyu, tukitumia mililita 3 za ringa lakteti kwa kilo kwa kila asilimia: 3 × 12 × 12 = 432. Nusu, 216, inatakiwa iishe ndani ya saa nane tangu kuungua, yaani kufikia saa 9 alasiri. Saa mbili zimeshapotea, kwa hiyo ni 216 kwa saa sita, mililita 36 kwa saa. Kwa seti ya matone madogo, 60 kwa mililita, hayo ni matone 36 kwa dakika. Nusu ya pili huenda kwa saa 16 zinazofuata. Juu yake kuna maji yake ya kawaida ya siku yenye sukari, kama mililita 46 kwa saa kwa uzito huo.

Kwa ile 21, angepewa 63 badala ya 36 kwa saa, na mtoto wa shingo iliyoungua ndiye usiyetaka avimbe. Hesabu yoyote kati ya hizo ni mwanzo tu. Mkojo ndio unaosahihisha: mililita 1 kwa kilo kwa saa, kwake kama 12. Ukizidi sana, punguza, ukipungua, ongeza.

Kuhusu kina, kifua ni cha waridi na kinarudisha rangi upesi kwenye video. Lakini pale kola ya sweta ilipokaa, na kwapani, pana wekundu uliokolea usiofifia. Sufu iliyolowa chai huendelea kuunguza baada ya chai kumwagika, na ndiyo sababu ya kuuliza mavazi. Sehemu hiyo, kama asilimia 2, iandikwe "inashukiwa kuwa ya ndani" na ipigwe tena siku ya tatu. Mtoto apelekwe hospitali: amezidi 10, uso umo, na kwapa ni kiungo kitakachovutwa na kovu.

## Hali zisizo za kawaida

Jeraha la umeme?

Usilikadirie kwa picha. Umeme huingia kupitia kidoa kidogo kiganjani na kuunguza misuli njiani, na asilimia ya ngozi haisemi lolote kuhusu hilo. Tuma picha ya mahali pa kuingia na pa kutoka, pamoja na rangi ya mkojo. Ukiwa wa chai au wa kola, misuli inakufa na hesabu ya hapo juu haitoshi.

Aliyeanguka motoni kwa kifafa?

Alikaa ndani ya moto bila kujiondoa. Chukulia kina ni chote hadi ithibitike vingine, hata picha ikipendeza, na tazama mkono au uso ulioelekea jiko la kuni. Eneo linaweza kuwa dogo sana na bado likamgharimu vidole.

Mgonjwa mnene sana?

Kiwiliwili chake huchukua sehemu kubwa kuliko 36 na mikono pungufu ya 9 kila mmoja. Kiganja chake nacho ni pungufu ya asilimia 1. Hospitali iambiwe uzito, na picha ya mwili mzima isikosekane.

Jeraha limezunguka mkono au kifua chote, lakini picha haionyeshi kama linabana?

Picha haitakuonyesha. Bonyeza kucha za mkono huo na uhesabu rangi inarudi baada ya muda gani, tafuta mapigo ya damu, uliza ganzi, na kwa kifua tazama kama kinapanuka. Likiwa gumu na limezunguka, piga simu badala ya kutuma ujumbe: ngozi hiyo huenda ikahitaji kupasuliwa ndani ya saa chache, na anayesubiri tiki mbili za buluu anapoteza muda ambao kiungo hakina.